Naombeni ushauri: namwandikiaje mwalimu wangu wa chuo anipe rekomendesheni?

BintiChamwino:
Wakuu, habari za jioni. Nilimaliza digrii ya kilimo hapa Dodoma mwaka 2019, sasa ni afisa kilimo wa kata na naomba nafasi ya uzamili kwenye udongo na maji. Barua moja ya rekomendesheni ananiandikia bosi wangu. Ya pili nataka kumwomba Dokta aliyenisimamia utafiti wa mwaka wa mwisho, ila hatujawasiliana tangu mahafali. Nimeandika hivi:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani. Naomba uniandikie rekomendesheni ya masomo. Nilikuwa mchapakazi na mwenye nidhamu. Natanguliza shukrani."

Inatosha? Mwisho ni tarehe 30 mwezi ujao.

Kibaigwa_Mahindi:
Muweke tu kwenye sivii sehemu ya wadhamini na namba yake ya simu. Mimi nilipata kazi hivyo hivyo.

BintiChamwino:
Hiyo ni ya kazi, mkuu. Hapa mfumo wa chuo unamtumia linki kwenye barua pepe, anapandisha barua mwenyewe. Mimi siioni.

Mzee_wa_Makulu:
Tafuta profesa, cheo kinabeba. Na GPA iweke juu kabisa.

Mwl_Kikuyu:
Barua hizi nimeziandika miaka mingi. Profesa aliyekuona kwenye ukumbi wa watu mia tatu ataandika kwamba ulifaulu, na hilo transkripti imeshalisema. GPA itaje, ila haimpi mwalimu cha kuandika. Fomu nyingi zinaanza kwa kumuuliza amekufahamu kwa muda gani na kwa nafasi ipi, halafu zinataka mfano. Akikosa mfano anaandika "mchapakazi, mwenye nidhamu", na wasomaji wa maombi wanaona barua za namna hiyo siku nzima.

Binti, utafiti wako ulihusu nini? Na ni kitu gani Dokta alikiona kwa macho yake?

BintiChamwino:
Nilipima unyevu wa udongo kwenye mashimo ya Chololo, yale madogo ya kukinga maji ya mvua, na kwenye sehemu ya shamba iliyolimwa kawaida bila mashimo, zao mtama. Nakumbuka aliniuliza: shamba lina mteremko, utajuaje kama maji yamehifadhiwa na mashimo au yameteremka tu yenyewe? Nikapanga upya sehemu za kuchukua sampuli, kila shimo likawa na jirani yake wa kawaida kwenye kimo kilekile cha mteremko. Sampuli nilizikausha mwenyewe kwenye oveni ya maabara, nyuzi 105 kwa saa 24, nikapima uzito kabla na baada.

Mwl_Kikuyu:
Hapo ndipo barua ilipo. Ulipewa swali, ukabadilisha mpango wa utafiti. Hilo hakuna transkripti inayolionyesha. Jaribu hivi:

"Shikamoo Dokta. Naitwa (jina, namba ya usajili). Ulinisimamia utafiti wa mwaka wa mwisho 2018/2019 kuhusu unyevu wa udongo kwenye mashimo ya Chololo. Huenda unakumbuka uliponiuliza kuhusu mteremko, nikapanga upya sampuli kwa jozi. Sasa ni afisa kilimo wa kata, na naomba uzamili wa usimamizi wa udongo na maji. Wanataka mtu anayeweza kueleza uwezo wangu wa kufanya utafiti, ndiyo maana nimekufikiria wewe. Mwisho ni tarehe 30 mwezi ujao. Linki itakuja kutoka kwenye mfumo wao. Nimeambatanisha transkripti, sivii, maelezo ya kozi na muhtasari wa utafiti. Kama ratiba imekubana au unaona huna ya kutosha ya kusema juu yangu, nitaelewa kabisa."

Sentensi ya mwisho usiifute. Anayekubali kwa kuona haya huandika barua baridi, na barua baridi inaumiza maombi. Tuma wiki hii, kisha mkumbushe kwa adabu siku kumi kabla ya mwisho. Mwambie pia aangalie spamu.

Zuhura_wa_Mpwapwa:
Wangu alinijibu, "Andika mwenyewe, nitasaini." Niliandika, akasaini. Kuna ubaya?

Mwl_Kikuyu:
Mimi sikubali. Barua ni ushahidi wa mwalimu, na kwenye linki anathibitisha kwamba ni yake. Akikwambia hivyo, mpe maelezo ya matukio, sentensi aziunde yeye.

Mzee_wa_Makulu:
Mwalimu, tuseme ukweli: mtu ana wanafunzi mamia na mitihani ya kusahihisha. Ukikataa kuandika, barua haipo. Rasimu anaweza kuirekebisha.

Mwl_Kikuyu:
Akiirekebisha kweli, sawa. Wengi hawaifungui. Na nimewahi kuona barua za waalimu wawili tofauti zenye sentensi zilezile, maana mwombaji ndiye aliyeziandika zote. Hapo hata ya kweli haiaminiki.

BintiChamwino:
Asante sana Mwalimu. Nikutumie shikamoo yako pia! Swali moja: Dokta siku zile alikuwa anatumia barua pepe yake binafsi. Kwenye fomu niweke hiyo?

Mwl_Kikuyu:
Marahaba. Weka ya chuo. Vyuo vingine havipokei ya binafsi. Angalia kwenye tovuti ya idara yake kama bado yupo, na umuulize ni ipi anayoifungua kabla hujabonyeza kutuma. Ukishabonyeza, mifumo mingine haikuruhusu kuibadilisha.