Tupeane uzoefu: watu kibao kwenye joka moja, FPS inashuka hadi 11. Wenzangu mlizima nini?

Mchovu_wa_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nacheza Guild Wars 2 kwa laptopu ya siku nyingi: Core i5-8300H, kadi ya GTX 1050, RAM GB 8. Nikiwa peke yangu porini napata FPS 60 bila wasiwasi. Ikifika saa moja jioni, joka Tequatl akaibuka kule Sparkfly Fen, watu wanajazana miguuni pake kama abiria mlangoni mwa daladala, na mimi nabaki na FPS 11. Juzi wimbi lilikuja, nikabonyeza kuruka, picha ikaganda. Ilipofunguka niko chali.

Nimeshusha resolusheni mpaka joka limekuwa kama uji, na namba haikusogea hata kidogo. Mwenye kisa chake akiweke hapa: tatizo lilikuwa nini, ulilijuaje, ukazima nini. Gemu yoyote, mradi ni reidi ya watu wengi.

Sele_Waya

Pole sana kaka. Mimi ilinitesa mwaka mzima. Dawa yangu ilikuwa kuachana na waifai, nikachomeka waya moja kwa moja kwenye ruta. Ping ilikuwa inaruka hadi 400, sasa inatulia 180 hivi kwa seva za Ulaya. Jaribu hiyo kwanza.

Nahodha_Zuhura

Sele, ushauri mzuri ila ni wa ugonjwa mwingine. Ping ikiharibika, picha inaendelea kutiririka laini, ila pigo lako linachelewa kufika na watu wanatembea hewani kisha wanarudishwa nyuma. FPS ikiharibika, hata kuzungusha kamera yako mwenyewe kunakuja vipandevipande, na kamera haiombi ruhusa kwa seva yoyote. Bonyeza F11, chini ya dirisha la Options namba zote mbili zipo. Mchovu katuambia 11 ni FPS, basi waya tuuache.

Nimeongoza vikosi pale kwa Tequatl miaka kadhaa, na kwa muda mrefu niliongoza kwa mashine mbovu kuliko ya Mchovu. Kilichonifungua macho ni kujua kwamba pale chini kuna mizigo miwili, na kila mmoja una mbebaji wake.

Mzigo wa kwanza ni miili ya watu. Kila mchezaji ana mifupa inayotembea, vipande vya silaha na nguo, rangi alizochagua, na kila kipande lazima prosesa ikiandae upya kwa kila fremu kabla ya kukikabidhi kwa kadi ya grafiki. Wakiwa watano si kitu. Wakiwa 80, kadi inakaa mikono kifuani ikisubiri prosesa imalize kupanga foleni. Ndiyo maana resolusheni haikumsaidia Mchovu: alimpunguzia kazi ambaye hakuwa na kazi.

Mzigo wa pili ni uchawi wenyewe: moto, moshi, duara za mwanga. Hivi vinapitisha mwanga, kwa hiyo kadi inachora kimoja, inachora kingine juu yake, na kingine tena, mahali palepale pa skrini. Ukiisogeza kamera karibu, moshi ukajaza skrini nzima, hapo ndipo kadi nayo inaanza kuhema.

Kuvitenganisha ni rahisi. Simama kwenye lundo la watu, soma FPS. Badilisha Render Sampling kutoka Native kwenda Subsample, soma tena. Isiposogea, mwenye shida ni prosesa, nenda kapunguze watu. Ikiruka juu, ni kadi, nenda kapunguze uchawi. Kisha rudisha Native, maana Subsample inaumiza macho bure.

Kijana_wa_Buruburu

Nahodha, nakubali nusu. Mimi nikifungua Task Manager katikati ya vita, CPU inasoma 35%. Kama prosesa ndiyo imelemewa, mbona zaidi ya nusu yake imelala? Mimi nasema ni kadi. Nilibadilisha kutoka GTX 1050 Ti kwenda RTX 3060, na porini nilitoka 70 hadi 140.

Nahodha_Zuhura

Na kwa Tequatl ulitoka ngapi kwenda ngapi?

Kijana_wa_Buruburu

…16 kwenda 19.

Nahodha_Zuhura

Haya. Hiyo 35% ni wastani wa prosesa nzima. Prosesa kama ya Mchovu ina koa nne, na Windows inazihesabu kama nane. Kazi nzito ya gemu hii inapita kwenye njia moja. Njia hiyo ikijaa pomoni, kwenye wastani inaonekana 12.5 tu. Ni kama kaunta nane za benki, saba hazina watu, na foleni yote iko kwa dada mmoja kwa sababu yeye pekee ndiye mwenye muhuri. Kwenye Task Manager angalia GPU badala yake: ikiwa chini ya 60% huku FPS ni 16, kadi yako inasubiri.

Kijana_wa_Buruburu

Nimeangalia. 41%. Sawa, hela yangu imekwenda, ila porini pamependeza.

Mganga_Muscat

Niko Final Fantasy XIV, kazi yangu ni tiba, na kisa changu ni cha kuzima kupita kiasi. Reidi za watu 24 zilikuwa zinaniwasha macho, uchawi wa kila mtu unapasuka kwa pamoja. Nikaenda Battle Effects Settings, nikaweka Show None kwa wote, wa kikosi changu na wengine. FPS ikapanda vizuri, skrini ikawa safi kama imefagiliwa.

Tatizo: mganga mwenzangu akiweka duara la kinga chini, mimi silioni. Kila mtu anakimbilia ndani ya duara, mimi nimesimama nje nashangaa wanakimbilia nini. Nilikufa mara mbili kwa pigo lilelile kabla sijaelewa. Sasa nimepanga hivi: vyangu Show All, vya kikosi Show Limited, vya wengine Show None. Limited inaondoa mbwembwe na kuacha vile vya kukanyagia. Kupunguza idadi ya watu ni sehemu nyingine kabisa, kwenye System Configuration, na kule wengi hawafiki.

Baba_Rehema

World of Warcraft hapa. Kuna kichupo cha Raid and Battleground kwenye Graphics, kinakaa na mipangilio yake peke yake na kinajiwasha ukiingia reidi. Nilishusha Spell Density humo, ikasaidia kidogo. Kilichosaidia hasa ni kuzima adoni zote usiku mmoja na kuingia mtupu. Nilipata karibu FPS 20 za bure. Nikazirudisha mojamoja. Mwizi alikuwa ni kile kipande cha kuhesabu madhara, kinachojisasisha kila nukta kwa watu wote. Naogopa kusema ni hivyo kwa kila mtu, inategemea umepanga nini.

Dada_Stima

Mimi naomba mtu asisahau umeme! Huku kwetu ukikatika, laptopu inahamia betri na prosesa inajibana yenyewe. Nilikuwa nashusha mipangilio kila siku kumbe ninacheza kwa betri nusu ya muda. Pia niliiweka kitandani, godoro likaziba matundu ya chini. Niligundua kwa sababu hata baada ya reidi kuisha na watu kutawanyika, FPS ilibaki chini kwa dakika kumi. Kama ni watu tu, wakiondoka namba inarudi hapohapo. Joto haliondoki na watu.

Mchovu_wa_Tanga

Nimerudi na majibu ya saa moja leo. Nimefuata mlolongo wa Nahodha, nikiwa nimesimama mahali pamoja, kamera inaangalia mguu wa joka.

Nilianza na 11. Subsample: 11. Basi prosesa. Character Model Limit nikaishusha kutoka Highest hadi Lowest, na sikuhitaji hata kuwasha upya gemu: watu walitoweka palepale, yakabaki majina yanaelea hewani kama mizimu, FPS 24. Character Model Quality nayo Lowest, ikawa 27. Shadows na Reflections nikazima, 31. Sikutegemea vivuli vingegusa prosesa, lakini vimegusa.

Ila joka lilipoduwaa na watu wote wakamwaga kila walichonacho, ilianguka hadi 19. Kamera ilikuwa karibu mno na moshi. Nikaweka alama kwenye Effect LOD, nikairudisha kamera nyuma. Joka lilipoduwaa mara ya pili ilikaa 26. Nimeandika hivi kwenye daftari:

```
Character Model Limit: Lowest
Character Model Quality: Lowest
Shadows: None
Reflections: None
Effect LOD: on
Render Sampling: Native
```

Mawimbi yote niliyaona na niliyaruka.

Nahodha_Zuhura

Safi. Vivuli vinagusa kwa sababu mtu mwenye kivuli anaandaliwa mara ya pili kwa ajili ya kivuli chake. Duara za rangi zinazokuonya pigo linapokuja zinabaki hata ukiweka Effect LOD, kwa hiyo hapo hupotezi usalama.

Komba_wa_Ngome

Mimi nasimama upande wa pili. Kwa joka sawa, joka halijifichi. Lakini ukienda World vs World na Lowest unajidanganya. Kundi la maadui linatokea kona ya ngome, wewe unachorewa wachache tu. Niliwahi kuita kikosi tushambulie "watu kumi na tano", wakatokea hamsini. Tangu siku hiyo naweka Medium na navumilia FPS 22.

Nahodha_Zuhura

Majina mekundu huyaoni?

Komba_wa_Ngome

Nayaona, lakini majina yanapandana. Hamsini yakikaa juu ya kilima kimoja unasoma manane. Na mwili unakuambia anaelekea wapi, jina halikuambii.

Nahodha_Zuhura

Mimi bado naongoza kwa Low na sijajuta, ila sitakubishia. Afadhali kuona wachache kwa FPS 35 au wengi kwa 22, hilo tumelibishania kwenye kikosi changu miaka na halijaisha.

Kijana_wa_Buruburu

Sasa mimi wa RTX 3060 nifanye nini, nikanunue prosesa? Nasikia hizi za X3D ndizo za gemu za namna hii.

Mganga_Muscat

Nina 5800X3D. Akiba yake ya ndani ni kubwa na kwenye msongamano inaonekana. Kwenye reidi nilipata nyongeza kubwa kuliko kadi yoyote niliyowahi kununua. Lakini hakikisha ubao wako ni AM4, vinginevyo unanunua na ubao na RAM. Na usiniulize bei ya huko.

Kijana_wa_Buruburu

Yangu ni Intel. Basi acha niweke Lowest, nitarudi nikipata hela.

Dada_Stima

Mchovu, na ule mganda wa mwanzo, ukifika tu pale watu walipo, sekunde mbili tatu kila kitu kimesimama? Wako umeisha? Wangu haujaisha hata kwa Lowest.

Mchovu_wa_Tanga

Hapana, nao upo. Nadhani ni kwa kuwa gemu imekaa kwenye diski ya kuzunguka, na RAM ni 8. Ninawahi dakika tano kabla, watu wanaingia mmojammoja mbele ya macho yangu, mganda hauji kwa pamoja. Kuna SSD ya mitumba naiangalia kesho. Saa nne usiku joka linatoka tena, nitajaribu Low badala ya Lowest nione nitabaki na ngapi.