Ameniunguza kichwa na dawa, halafu ananiambia mbele za watu nina fangasi!

Binti_Kiborloni:
Wana Moshi, yule dada mnamjua, sihitaji kumtaja. Yule ambaye ukiingia saluni kwake simu iko sikioni na ukitoka bado iko sikioni.

Jumamosi nimekwenda kurudia dawa kwenye nywele zilizoota. Amepaka, dakika ya tano kisogo kinawaka. Nikamwambia dada, inauma. Akajibu, "Vumilia, ndiyo inakolea." Nimevumilia dakika 35! Mahindi yanachomwa stendi kwa muda mfupi kuliko huo! Jumapili asubuhi mto ulikuwa umegandia kichwani, nikaubandua kwa maji ya uvuguvugu huku nalia.

Leo nimerudi na vidonda vyangu, saluni imejaa. Akafunua nywele kwa ncha ya chanuo, akarudi nyuma, akasema kwa sauti: "Hizo mba zako, mama. Una fangasi. Chanuo zangu usiziguse." Fangasi! Mbele ya wateja sita na mtoto wa shule! Mmoja akainuka akahama kiti!

Kaka_wa_Majengo:
Dakika 35 unaungua na umekaa tu? Ulifungwa kamba?

Binti_Kiborloni:
Nywele zikiwa na dawa kichwani unakwenda wapi? Aliniambia inakolea!

MamaPendo:
Pole mdogo wangu. Kosa lako ni kutumia ile kali. Tumia ya watoto, haina magadi makali, haiunguzi kabisa. Na hapo penye vidonda kamulia ndimu, fangasi hufa.

Nesi_Mstaafu:
MamaPendo, ndimu kwenye kidonda kibichi hapana, tafadhali. Na hiyo ya watoto haina sodiamu haidroksaidi, hilo ni kweli, lakini ile unayochanganya kopo na chupa inatengeneza kitu kingine kikali cha jamii hiyohiyo. Ikizidishiwa muda inaunguza vilevile.

Binti, nijibu mambo matatu. Kabla ya Jumamosi ulifumua misuko? Ulijikuna? Na vidonda viko wapi?

Binti_Kiborloni:
Nilifumua rasta Ijumaa, nikaosha. Nilijikuna ndiyo, kichwa kilikuwa na mba kidogo, nani hana? Vidonda viko kisogoni, nyuma ya masikio na kwenye panja. Vinatoa majimaji, vingine vina gaga la njano kama asali iliyoganda. LAKINI ALISEMA FANGASI.

Nesi_Mstaafu:
Basi sikiliza. Mba haziji usiku mmoja. Zinawasha wiki na wiki, unga mweupe au wenye mafuta unadondokea mabegani, na ngozi chini yake haijachubuka. Fangasi wa mapunye mara nyingi huwapata watoto: duara lenye magamba, nywele zimekatika hadi zinabaki vitone vyeusi. Wewe umeanza kuungua dawa ikiwa kichwani, kesho yake kidonda, tena palepale alipopaka. Kwa maelezo hayo umeungua.

Ila mba zako zina sehemu yake. Ulipokuna na kuosha jana yake, uliacha mikwaruzo na kuondoa mafuta ya ngozi, dawa ikapenya hapo. Msusi akiona kichwa kimekwaruzwa anatakiwa kukurudisha nyumbani wiki nzima. Akikubali, anapaka mafuta ya mgando pembeni mwa nywele na masikioni, na ukisema inauma anaosha dakika hiyohiyo. Alipokuosha, povu lilikuwa la rangi gani?

Binti_Kiborloni:
La waridi. Aliosha mara moja tu.

Nesi_Mstaafu:
Shampuu hizo za kukata dawa nyingi hugeuka waridi dawa ikiwa bado imo. Unarudia mpaka povu liwe jeupe. Maana yake uliondoka nayo kichwani.

Usibandue magaga, usisuke, usipake chochote cha nywele. Ukiona usaha, tezi za shingo zimevimba au homa, nenda hospitali leo. Shampuu ya mba subiri ngozi ifunge, la sivyo utalia tena.

Kaka_wa_Majengo:
Lakini kwa maelezo tu mnajuaje? Inaweza kuwa vyote viwili.

Nesi_Mstaafu:
Inaweza. Ndiyo maana wakikwangua magamba huyatazama kwa hadubini. Vidonda vikipona na magamba yakabaki, aende kliniki ya ngozi pale KCMC wampime.

Binti_Kiborloni:
Nitakwenda. Ila alihama kiti yule mama! ALIHAMA!

Baba_Collo_Pasua:
Hayo mapunye mmenikumbusha kinyozi wetu. Mwanangu ana maduara matatu tangu afungue shule, nimempaka mafuta ya fangasi mwezi mzima, hayasikii.

Nesi_Mstaafu:
Hayatasikia, baba. Fangasi yule yuko ndani ya unywele, mafuta hayamfikii. Ni vidonge vya wiki kadhaa kwa uzito wa mtoto, mpeleke.

MamaPendo:
Kinyozi yupi huyo? Yule wa mashine moja toka asubuhi mpaka jioni?

Baba_Collo_Pasua:
Huyohuyo! Na jana kapandisha bei!