Nimeulizwa "hii hela ni yako kweli?" mbele ya foleni nzima, na akaunti bado imefungwa

Mpunga Mtupu (mwanzisha uzi), Jumanne saa 9 alasiri

Wakuu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Benki mnaijua, tawi mnalijua, na yule dada wa dirisha la tatu mnamjua vizuri, maana hakuna mtu mji huu ambaye hajawahi kukunjiwa uso naye. Simtaji.

Mimi nakusanya mchele Ubaruku, nauza Dar. Jana nimeuza tani 12, kilo kwa shilingi 2,100, jumla milioni 25 na laki 2. Mnunuzi akaniingizia kwa mikupuo mitatu: milioni 9, milioni 9 nyingine, halafu milioni 7 na laki 2. Hapo hapo nikaanza kuwalipa wakulima kwa simu. Wanne wamepata, jumla milioni 6 na laki 4. Wa tano simu ikanijibu: "Muamala umeshindikana. Tafadhali wasiliana na tawi lako." Nikasema ni mtandao. Nikaenda ATM, hola. Salio nalisoma lote, lakini kutoa hata buku haitoki.

Leo nimefika tawini kabla hata jogoo hajakohoa. Foleni ndefu, mkia wake upo mkoa wa jirani. Saa 5 nafika dirishani. Dada kaangalia kompyuta, kaniangalia mimi kuanzia kandambili mpaka kofia, halafu kwa sauti ya mpiga debe wa stendi: "Kwani hii hela ni yako kweli?"

Mbele za watu! Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akasogea karibu. Mama mmoja nyuma yangu akahamisha mkoba wake bega la pili. Namuuliza dada sababu ni nini, ananijibu "mfumo ndio umekufungia, rudi kesho." Kesho ipi? Wakulima wananipigia simu tangu jana, mmoja ana mgonjwa hospitali.

"Hii hela ni yako kweli?" Nimelima, nimekoboa, nimelala juu ya magunia kwenye lori. Ni ya nani basi?

Konda Mstaafu

Mkuu pole, ila kandambili na milioni 25, hata mimi ningeuliza.

Mpunga Mtupu

Konda usinitie wazimu. Kuuliza wangeniita pembeni, kuna ofisi pale ina viti na mlango. Kanitangazia kama mwizi.

Jembe Halilali

Hao ni TRA mkuu. Ukipitisha milioni 10 tu kwenye akaunti, TRA wanaona na wanafunga. Nenda TRA kalipe, utafunguliwa siku hiyo hiyo.

Kaunta ya Zamani

Jembe, TRA wana uwezo huo kisheria, wanaiandikia benki ikate deni la kodi kwenye akaunti yako. Lakini ni deni, na kabla yake huwa kuna makadirio na barua. Kupokea milioni 10 peke yake si deni. Ndugu mwenye uzi, kama hujawahi kupata barua ya deni, usikimbilie huko kwanza.

Nijibu mambo mawili. Akaunti uliifungua mwaka gani, na kwenye fomu uliandika unafanya kazi gani? Pili, mwambie mtu akutumie elfu 10 sasa hivi, uone kama inaingia.

Mpunga Mtupu

Niliifungua 2017 nikiwa mlinzi wa kampuni, mshahara laki 3 na elfu 80. Kaka yangu kanitumia elfu 10, imeingia. Kutoka ndio haitoki.

Konda Mstaafu

Tani 12 za mchele na benki bado inakujua kama mlinzi wa getini!

Kaunta ya Zamani

Konda amesema kwa utani lakini jambo lenyewe ndilo hilo. Nimekaa kaunta miaka 11, nitakueleza kinachotokea ndani.

Pesa zinaingia, hazitoki. Huko ni kuzuiwa kutoa tu, na mara nyingi anayezuia ni benki yenyewe kutoka makao makuu. Amri ya mahakama ingekuja kwa sura nyingine, pengine hata kiasi kimetajwa humo. Kwako wameona mtu ambaye kwenye kumbukumbu zao anapata laki 3 na elfu 80 kwa mwezi. Siku moja anaingiziwa milioni 25 kwa mikupuo mitatu, na kabla ya jioni anaanza kuzisambaza kwa namba za simu tofauti tofauti. Wewe unalipa wakulima. Lakini tapeli anayepitisha fedha za wizi kwenye akaunti ya mtu naye hufanya hivyo hivyo, anapokea kwa mkupuo na kutawanya haraka kabla mwenye fedha hajashtuka. Kompyuta haioni magunia, inaona mwendo wa pesa.

Kuhusu dada wa dirishani, alichokutamkia ni kosa na ninakuunga mkono. Ila sababu hakukuficha. Skrini yake inamwonyesha kwamba akaunti imezuiwa, haimwambii kwa nini. Wanaojua ni watu wa uzingatiaji wa sheria makao makuu, na hata wao kuna mahali wamefungwa mdomo. Benki ikishapeleka taarifa ya mashaka kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, sheria ya mwaka 2006 inaikataza kumwambia mteja kwamba taarifa hiyo imepelekwa. Kwa hiyo unaweza kudai sababu mpaka sauti ikauke. Wewe peleka jibu la swali ambalo bado hawajakuuliza.

Mpunga Mtupu

Lakini yeye aliliuliza! "Hii hela ni yako kweli?" Tena kwa sauti!

Kaunta ya Zamani

Basi mjibu kwa karatasi. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa tawi. Useme sasa unafanya biashara ya mchele, na kwamba mikupuo yote mitatu ni malipo ya mzigo mmoja, utaje tarehe, kilo na bei. Halafu ambatanisha vitu vinavyoonekana: stakabadhi ya ushuru wa mazao uliyokatiwa na halmashauri, risiti ya mashine ya kukoboa, karatasi ya lori, meseji zako na mnunuzi, na orodha ya wakulima wote, jina, namba ya simu na kiasi cha kila mmoja, waliolipwa na ambao bado. Milioni 6 na laki 4 zilizotoka lazima zionekane kwenye hiyo orodha, maana huko kutoka ndiko kulikowashtua. Weka na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, wabadilishe taarifa zako pale pale.

Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, usiondoke bila huo. Wakikaa kimya, au wakikujibu na wewe usiridhike, unapeleka malalamiko Benki Kuu, na kitu cha kwanza watakachotaka kuona ni kwamba ulianza kwa kuilalamikia benki yako. Muhuri ndio ushahidi. Na Benki Kuu inaweza kuibana benki iliyokaa kimya, lakini kama kuna amri ya mahakama, hilo utalimaliza mahakamani.

Usimwambie mnunuzi apitishie mzigo unaofuata kwenye akaunti ya mkeo. Utafunga mbili badala ya moja.

Mkombozi 255

Mkuu njoo inboksi, nina mtu makao makuu, laki 3 tu inafunguka kesho asubuhi.

Kaunta ya Zamani

Usiende. Huyo atakuomba namba ya akaunti na ya siri, na laki 3 itakuwa sehemu ndogo ya hasara.

Mama Wawili

Nyie mna nafuu. Mume wangu alifariki Machi, benki wakafunga akaunti siku niliyopeleka cheti cha kifo. Kadi ninayo, namba ya siri ninaijua, ada za watoto zimo humo. Wananiambia mpaka mirathi. Shemeji hataki kuja kwenye kikao cha ukoo. Na mimi niandike barua kama hiyo?

Kaunta ya Zamani

Pole sana mama. Kwako barua haitasaidia. Inatakiwa mahakama imteue msimamizi wa mirathi, wengi wanaanzia Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha familia ndio unapelekwa huko. Shemeji akigoma, nenda mahakamani ukaeleze kwamba amegoma, kuna nafasi ya mtu kupinga au kusikilizwa. Na kadi usiitumie hata kama bado inakubali, watakuja kukudai ndugu.

Mpunga Mtupu, Jumatatu iliyofuata

Wakuu mrejesho. Barua nilipeleka Jumatano, muhuri niligongewa. Ijumaa wakanipigia simu wakauliza maswali ya wakulima wawili, wakawapigia na wao. Leo asubuhi imefunguka, lakini nusu nusu. Kwenye milioni 18 na laki 8 zilizobaki, milioni 7 na laki 2 bado wameshikilia. Nimelipa wakulima kwa milioni 11 na laki 6, watatu bado wananidai.

Na dada bado yupo dirisha la tatu. Hajaniomba hata radhi. Ananiangalia kama vile mimi ndiye nilimuuliza yeye hela ni ya nani.

Kaunta ya Zamani

Milioni 7 na laki 2 ni mkupuo wa tatu. Aliyetuma ni jina lile lile la mnunuzi?

Mpunga Mtupu

Ngoja niangalie. Hapana. Ni jina la shemeji yake, mnunuzi alisema kadi yake ilifika kikomo cha siku.

Kaunta ya Zamani

Hapo ndipo palipokwama. Mwambie huyo shemeji aandike kwamba alilipa mchele kwa niaba ya mnunuzi, aweke na kitambulisho chake. Kama ni hivyo tu, haitachukua muda. Ila kama yeye amelalamika benki kwake kwamba pesa ilitoka bila ridhaa yake, huo sasa ni mgogoro, wataishikilia mpaka uishe, na siwezi kukuambia lini.

Jembe Halilali

Lazima uwe na leseni ya biashara, bila hiyo hawafungui yote.

Bwana Gunia

Mimi walinifungulia na TIN tu, leseni hawakuniomba. Walinitaka nifungue akaunti ya biashara ndani ya mwezi.

Mtu wa Ruwi

Huku Maskati kadi ya ukaazi ikiisha muda, akaunti nayo inazuiwa. Mshahara umeingia, mwajiri bado "anashughulikia" kadi tangu wiki mbili, nyumbani Pemba mafundi wamesimama kwenye lenta. Nimewapelekea benki karatasi ya maombi, wanataka kadi yenyewe. Kuna aliyepita hapa akafanikiwa na karatasi ya maombi tu?

Mama Wawili

Na mimi nauliza tena, kikao cha familia lazima kifanyike kijijini kwao, au hata hapa mjini kinakubalika?

Konda Mstaafu

Mpunga, mzigo mwingine unashuka lini? Mimi nitalipa kwa jina langu mwenyewe.