Naomba ushauri: matokeo ya vichanja vya dagaa kwenye ukurasa mmoja

Habari zenu wakubwa na wadogo. Niko Kigoma, natengeneza vichanja vya kuanikia dagaa. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kibirizi nilimjengea vya mbao na wavu, akaacha kuanika mchangani. Sasa naandika kisa chake kwenye ukurasa mmoja ili niwaonyeshe wateja wengine: shida yake, nilichofanya, matokeo.

Nimekwama kwenye matokeo. Daftari lake linaonyesha kwamba zamani, katika kila kilo 100 za dagaa wakavu, 18 zilikuwa na mchanga au zimeoza, zikauzwa kama chakula cha kuku. Sasa ni 6. Lakini zile 18 ni za masika, hizi 6 ni za kiangazi, na mvua peke yake huozesha dagaa hata kwenye kichanja. Nimejaribu kutumia mapato badala yake, nikaona ni kipimo kibaya zaidi: bei hupanda zenyewe mbalamwezi ikiwaka, maana wavuvi wa taa hawapati kitu. Angalau nimehakikisha nalinganisha siku za giza kwa siku za giza.

Naombeni mnisaidie haya mawili. Je, nitoe ukurasa sasa nikitaja misimu waziwazi, au nitumie mchanga tu, ambao hautegemei sana mvua, nisubiri masika kwa hesabu ya kuoza? Na kwa kuwa mama hataki washindani wajue mzigo wake, asilimia bila jumla ya kilo zitaaminika?

Natanguliza shukrani.