Fundi kaleta listi moja ndefu

Mimi: Jamani fundi wa nyumba ya mama Kibaha kaleta listi, block 2,500, saruji, nondo, mbao, bati, vyote kwenye karatasi moja. Sisi tunachanga laki 6 kwa mwezi, tunaanzia wapi?

Kaka Mkubwa: Tukope tununue vyote sasa hivi kabla bei haijapanda

Shangazi: Bati chukueni za rangi, nyekundu imekaa vizuri kwa jirani yangu

Baba Mdogo: Shangazi bati bado sana 😂 Kaka una nusu ya ukweli, block nunueni mapema haziozi. Saruji hapana. Mie niliweka mifuko 30 stoo chini kwenye sakafu, masika ikapita, nimekuja kufungua mabonge kama mawe, ukiliminya halisagiki vidoleni, ikawa ya kujazia shimo. Saruji inanunuliwa wiki ya kazi

Mimi: Sawa baba mdogo ila listi tunaikataje?

Baba Mdogo: Usikate kwa hela, kata pale kazi inapoweza kusimama mvua ikapiga isiharibike kitu. Kuta zote nje na ndani nilipima kwenye ramani ni mita 68, block moja na udongo wake inakula kama sentimita 48, kwahiyo kozi moja ni block 142 hivi. Msingi kozi 4, weka 600 na za kuvunjika. Hapo mnasimama mkishajaza kifusi. Halafu kozi 9 mpaka chini ya linta, ukitoa milango na madirisha kama 1,100, hizo mnazikusanya kidogokidogo kila mwezi

Dada Zai: Na linta tumwage nusu mwezi huu nusu mwezi ujao?

Baba Mdogo: Wee! Linta inamwagwa siku moja, ukiunga zege lililokauka na bichi pale ndo panakuja kupasuka. Nondo za mm 12 zinapita 4, mita 68 mara 4 ugawe kwa 12, pamoja na maungio ni kama 26. Subirini hela ya nondo, ringi, saruji, kokoto na mbao za kufungia itimie yote ndo muite fundi

Kaka Mkubwa: na jamvi?

Baba Mdogo: Mie ningeacha mpaka mpaue, fundi wangu mwingine anabisha anasema lipigwe na msingi. Muulizeni wenu

Mimi: Ngoja, 600 na 1,100, juu ya linta kozi 3 kama 430, inakuja 2,130. Hizo nyingine za nini?

Baba Mdogo: Labda kaweka pembe za paa. Labda

Mama: Mchanga msimwage njiani kwa watu, mara ya mwisho mvua iliusomba wote ukaingia kwa jirani

Mimi: Sawa mama. Nampigia fundi kuhusu zile block kwanza