Mbwa mlinzi na paka mgeni: kuwaachia tu, tenga, au chumba cha peke yake?

Mkorosho_Mikindani
Habari za jioni wakuu. Nina mbwa dume wa kienyeji, mtu mzima, mlinzi wa kweli. Mchana namfunga chini ya mwembe, usiku nikishafunga geti namwachia azunguke ndani ya uzio. Alikulia shambani Nanguruwe, kazi yake ilikuwa kukimbiza ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo, na alikuwa hodari.

Sasa panya wananimalizia magunia ya korosho stoo. Shangazi amenipa paka jike, mkubwa tayari, mwindaji. Kwa sasa yuko chumba cha uani, mlango umefungwa. Jana mbwa alimwona dirishani, nusura akate mnyororo.

Nimeshauriwa njia tatu. Jirani anasema niwaachie tu, watazoeana. Shemeji anasema nimtie paka kwenye tenga la kuku nimweke mbele ya mbwa kila siku mpaka mbwa achoke kumtazama. Ya tatu ni kumwacha paka chumbani na kuwakutanisha pole pole. Aliyewahi kufanya mojawapo aniambie ipi inafaa. Paka wa watu huyu, asije akafia kwangu.

Anjomba_Chuno
Waachie tu anjomba. Mimi nilifanya hivyo, paka alimparua mbwa pua mara moja tu, tangu siku ile mbwa akimwona anampisha njia. Hayo mambo ya chumba ni ya watu wenye vyumba vya ziada.

Mkorosho_Mikindani
Mbwa wako alikuwa na umri gani?

Anjomba_Chuno
Kitoto. Nilimpata hata hajaanza kubweka vizuri.

BwanaMifugo_Mstaafu
Hapo ndipo ilipo tofauti, Anjomba. Umesema kweli, lakini ni kweli ya mbwa mdogo. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi anajifunza nani ni mwenzake na nani si mwenzake. Akimkuta paka nyumbani katika umri huo, atamhesabu kuwa wa familia, na mparuo mmoja unamtosha. Wa Mkorosho alikua akifundishwa kwamba kinachokimbia kinafukuzwa, na alisifiwa kwa hilo. Mbwa wa namna hiyo akiparuliwa puani anaweza kukasirika badala ya kuogopa. Ukucha wa paka nao hauchagui pua, nimetibu mbwa waliopasuliwa jicho. Kwa wawili hawa kuwaachia ni kamari, na anayeweza kupoteza uhai ni paka.

Tenga ndilo baya kuliko yote, ingawa linaonekana la busara. Paka ndani ya tenga hana pa kukimbilia wala pa kujificha, kila siku anafundishwa kwamba mbwa akija yeye amenaswa. Mbwa naye anafundishwa kukaza macho. Watu wanaona ametulia wanafurahi, kumbe ametulia kama anavyotulia mbele ya shimo la ndezi. Siku tenga likifunguliwa, paka anatoka mbio, na hizo mbio ndizo mbwa alizokuwa akizingoja.

Kwa hiyo mimi ni wa chumba. Ila wengi wanakosea kwa kudhani chumba chenyewe ndicho dawa. Wanamfungia paka wiki mbili, kisha wanafungua mlango. Hapo ni sawa na kuwaachia, umechelewesha tu.

Mkorosho_Mikindani
Mzee shikamoo. Nifanyeje basi humo chumbani?

BwanaMifugo_Mstaafu
Marahaba. Anza na harufu, maana mbwa anamjua mtu kwa pua kabla ya macho. Chukua kipande cha kanga kuukuu, mpanguse paka mashavuni na shingoni, kisha kiweke karibu na sahani ya mbwa wakati wa kula. Kingine mpanguse mbwa, ukiweke chumbani kwa paka, lakini mbali na chakula chake mpaka aache kukikwepa. Rudia kila siku. Mbwa akikinusa kisha akaendelea kula kana kwamba hakuna kitu, hatua hiyo imekwisha.

Halafu walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kwanza mbali na mlango, kila siku ukisogeza sahani kidogo. Paka akigoma kula, rudisha sahani pale alipokuwa anakula jana. Usiongozwe na kalenda, ongozwa na sahani.

Baada ya hapo ndipo waonane. Weka fremu ya waya wa banda la kuku mlangoni, mbwa awe na kamba mkononi mwako, kamba na siyo mnyororo wa mwembeni. Simama mbali kiasi kwamba mbwa anamwona paka lakini bado anakubali dagaa mkononi mwako. Akimtazama paka kisha akakugeukia wewe, mpe dagaa papo hapo. Akiacha dagaa, akafunga mdomo, mwili ukakakamaa na macho hayapepesi, mko karibu mno. Usimpige wala usimkaripie, rudi nyuma naye tu. Ukimpiga mbwa huku paka yuko mbele yake, ataona paka ndiye kamletea fimbo.

Mkia usikudanganye. Mbwa anaweza kuutikisa ukiwa juu na umekauka huku akipanga kuruka. Tazama mwili mzima, kama umelegea au umekaza. Kwa paka tazama masikio yaliyolazwa nyuma, manyoya ya mkia yaliyosimama, na hasa kama ameacha kula au anajikojolea pembeni.

BintiMtama
Samahani jamani, paka wangu anakula vifaranga, na mbwa ndiye anayewalinda. Nimfunge nani?

Anjomba_Chuno
Dada, hapa tunajadili mengine kabisa 😂

Mkaazi_wa_Lindi
Mimi nipo Lindi mjini, nyumba yetu mbwa haingii ndani kabisa kwa sababu ya najisi, kwa hiyo hili tulishalimaliza bila kamba wala kanga. Ndani ni kwa paka, nje ni kwa mbwa. Kila mtu na mpaka wake. Kwani ni lazima wapendane?

BwanaMifugo_Mstaafu
Si lazima hata kidogo, na wazo lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kupishana bila kudhuriana kunatosha. Ila mwambie paka wako akae ndani usiku, uone kama atakubali. Paka anawinda zaidi magharibi na alfajiri, na mbwa wa ulinzi anafunguliwa saa hizo hizo. Mpaka unaolinda mchana, usiku umekuwa uwanja wa mmoja. Wengi wanaoniletea paka aliyeng'atwa wananiambia walikuwa wanaelewana tu. Walikuwa wanaelewana mchana, mbwa akiwa amefungwa.

Mkaazi_wa_Lindi
Wa kwetu anapita juu ya paa mzee, chini hashuki.

BwanaMifugo_Mstaafu
Basi ana barabara yake, na ndiyo inayomwokoa. Mkorosho naye atengeneze hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kumtoa paka. Kila kona ya uwanja paka awe na pa kupanda bila kuvuka mbele ya mbwa: ubao ulioegeshwa ukutani, rafu juu ya mlango wa stoo, tundu la kupita yeye tu. Na usimfunge mbwa chini ya mti ule ule ambao paka angekimbilia, yaani huo mwembe wako.

Usiku, kwa sasa, mfungie paka ndani ya stoo ya korosho na maji yake na sanduku la mchanga. Panya wako humo humo. Mbwa afanye kazi yake nje, paka ndani, asubuhi mbwa anafungwa ndipo paka atoke.

MamaKitope
Naomba niongeze, ingawa si kuhusu kugombana. Wa kwangu walielewana mpaka wakawa wanalala pamoja. Siku moja tulimwogesha mbwa dawa ya kupe ya ng'ombe, jioni paka akajilaza ubavuni kwake kama kawaida. Usiku akaanza kutetemeka na kutoa mate, asubuhi hatukuwa naye. Hatukuwa tumemgusa na dawa yoyote.

BwanaMifugo_Mstaafu
Pole sana mama. Dawa nyingi za kupe zina permethrini au saipamethrini. Mwili wa mbwa unaimudu, wa paka haumudu, ini lake haliwezi kuivunja kwa kasi. Kadiri wanavyopatana, ndivyo hatari hii inavyosogea, maana paka anamlamba mwenzake. Mimi huwatenganisha siku tatu kila mbwa anapopakwa. Mwenye paka anayetetemeka baada ya kumgusa mbwa aliyeogeshwa, amwoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, amfunike apate joto, na aende kwa daktari wa mifugo hapo hapo.

Na wote wawili wachanjwe kichaa cha mbwa kabla hujawakutanisha, paka pia. Watu wanamsahau paka.

Anjomba_Chuno
Mimi bado nasema huyo mbwa mkubwa naye angezoea. Nimeona nyumba nyingi.

BwanaMifugo_Mstaafu
Umeona zilizobaki na paka, anjomba.

Mkorosho_Mikindani
Wakuu narudi na taarifa. Nilifuata njia ya mzee, haikwenda moja kwa moja. Kanga alizinusa akapuuza mapema tu. Kula mlangoni paka alisumbua, mara mbili nilirudisha sahani nyuma. Kwenye waya mbwa aligoma dagaa kabisa mwanzoni, ikabidi nimsogeze hadi getini ndipo akala. Sasa anakaa hatua chache tu kutoka kwenye waya, anamtazama paka, ananigeukia kudai dagaa. Stoo nayo nakuta panya waliokufa asubuhi.

Tatizo lililobaki ni moja. Paka akitembea taratibu, mbwa hana habari naye. Akikimbia tu, hata akiwa anakimbiza mjusi, mbwa anaruka mpaka kamba inakaza.

BwanaMifugo_Mstaafu
Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mbwa wa shamba, na wengine haliwaishi kabisa. Mfundishe neno moja la kuja kwako, kwanza paka akiwa hayupo, kwa vichwa vya samaki badala ya dagaa ili malipo yashinde mbio. Akilijua hata watoto wakipiga mpira mbele yake, ndipo ulijaribu paka akiwepo, kamba ikiwa bado shingoni.

Mkorosho_Mikindani
Na isipokubali?

BwanaMifugo_Mstaafu
Basi mtaishi kwa zamu, stoo usiku na uwanja mchana, miaka yote. Nyumba nyingi zinaishi hivyo na paka anazeeka. Ila usije ukawaacha huru pamoja ukiwa umesafiri kwenda mnadani, hata kama umewaona wametulia mwezi mzima.

BintiMtama
Na vifaranga vyangu?

BwanaMifugo_Mstaafu
Anzisha mada yako mwanangu, nitakuja. Vifaranga viwekee waya juu kwanza.