Ushauri jamani: nataka kununua duka la pembejeo la mpinzani wangu, Uyole

Mkwezi_Uyole: Wakuu, nina duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Jirani yangu milango mitatu kutoka kwangu anauza lake, anahamia Dodoma. Anataka milioni 18: mzigo 11, madeni ya wakulima 3, na 4 za "jina". Swali dogo tu: nibadilishe kibao au nibaki na jina lake?

Kibabu: Weka picha yako, nyani wa Igurusi wakome kuingia mahindini 😂

Mzee wa Stoo: Kibao baadaye. Hiyo 11 ni kwa bei ya kununulia au ya kuuzia? Na umeshatoa chochote?

Mkwezi_Uyole: Ya kuuzia, kaandika mwenyewe. Nimetoa kidogo.

Mzee wa Stoo: Kidogo ngapi?

Mkwezi_Uyole: Milioni 5. Hatukuandikishana, tunasali pamoja. Jamaa ni mwaminifu, na mke wangu keshapanga rafu. Kurudi nyuma siwezi.

Mama Parachichi: Mimi Njombe niliuziwa saluni hivyohivyo. Dada aliyekuwa anasuka alihama na wateja wote, nikabaki na viti. Muombe Mungu, mwanangu.

Mzee wa Stoo: Pole mama, ila hata hilo limo humu. Mkwezi, kama anaweka faida ya 15 kwa mia, 11 yake kwa bei ya kununulia ni kama 9.6. Fungeni duka siku moja mhesabu wote wawili, ukigeuza kila pakiti ya mbegu usome tarehe. Iliyopitwa iandike sifuri. Halafu omba risiti za manunuzi, ampigie simu msambazaji mbele yako: mzigo wa mali kauli si wake kuuza. Daftari la madeni usilinunue, akusanye mwenyewe, au umlipe sehemu ya kile kitakachoingia. Na jina? Akifunga, nusu ya wateja watakuja kwako bure, milango mitatu tu. Kinachostahili hela ni ahadi ya maandishi kwamba hafungui tena Uyole.

Msomi_Mafiat: Mzee, jina lina thamani, tulisoma: faida ya mwaka mara mbili.

Mzee wa Stoo: Kwa duka ambalo wateja wanaita jina la mwenyewe? Kaa kaunta wiki moja, hesabu wangapi wanauliza "mwenyewe yuko wapi?"

Kinyonga: Chai hii. Nani anauza pembejeo mwezi wa 10, mvua za Novemba ziko mlangoni? Uzi wa kutunga.

Mzee wa Stoo: Au anakimbia wenye mzigo.

Mkwezi_Uyole: Sijatunga. Nimetoka huko sasa hivi. Stoo ya nyuma kuna mifuko 40 ya Urea imepigwa alama ya chaki nyeupe. Anasema ni ya rafiki yake, kaihifadhi tu.

Kibabu: Na kwenye ile 11 ipo?

Mkwezi_Uyole: Ipo.